Mstari Ulioandikwa kwa Mkono wa Mama

Hadithi niliyompelekea Mwalimu jioni ile ilikuwa na barua tisa, na kati ya barua moja na nyingine hapakuwa na hata sentensi moja ya msimulizi. Nilikuwa nimeihangaikia kwa miezi mitatu na nilikuwa na hakika kwamba imekamilika. Mwalimu, kama tulivyozoea kumwita, alikuwa mzee aliyestaafu baada ya kuhariri miswada ya watu kwa miaka mingi, na alikuwa na desturi ya kumsomea mwandishi kazi yake kwa sauti, taratibu, huku penseli ikiwa mkononi.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kueleza. Mama mmoja, ambaye macho yake yamefifia kwa mtoto wa jicho, anamwandikia mwanawe aliye mbali. Kwa kuwa haoni vizuri, husema maneno na binti yake mkubwa huyaandika, kisha majibu yakija, binti huyo ndiye anayemsomea. Katika umbo lake la mwisho, barua ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba zinatoka kwa jina la mama. Ya pili, ya nne, ya sita na ya nane zinatoka kwa kijana. Ya tisa ni ya dada. Katikati ya mawasiliano hayo mama anafariki, naye dada, kwa kumhurumia mdogo wake, anaendelea kuandika kana kwamba mama bado yupo. Wazo hilo nililitoa katika utoto wangu, kwa sababu nami niliwahi kuwa mkono wa bibi yangu. Nilikuwa nikimwandikia barua za kwenda kwa mjomba, na siku moja niliongeza sentensi ambayo bibi hakuitamka. Hakuna aliyejua. Nilibaki na sentensi ile moyoni hadi utu uzima.

Mwalimu alizisoma barua sita bila kusimama. Alipoifikia ya saba, ambayo katika rasimu ile ilikuwa ungamo la dada lenye kurasa mbili, alisoma mstari wa kwanza, akarudi nyuma, akausoma tena: "Mdogo wangu, kama unavyojua, Mama alikuwa akisumbuliwa na moyo tangu mwaka juzi."

"Kama anajua," akaniuliza, "anamwambia ya nini?"

Nikajibu kwamba msomaji ndiye asiyejua. Akaiweka karatasi mezani. "Mwanangu, barua hii haikuandikwa kwa msomaji. Imeandikwa kwa yule kijana. Msomaji anaichungulia tu begani. Ukianza kumwambia yeye, basi dada amekufa na umebaki wewe umevaa nguo zake."

Maneno hayo yaliniuma, lakini alichokisema baadaye ndicho kilichoibadilisha hadithi. Aliniomba nimwonyeshe mahali ambapo mambo yanageuka. Nikamwonyesha ungamo. Akatikisa kichwa, akasema kwamba pale hakuna kinachogeuka, kwani dada anatoa habari ambayo amekuwa nayo siku zote, na kijana anaipokea akiwa amekaa kimya. Katika hadithi ya kawaida msimulizi anaweza kumpeleka msomaji chumbani mgonjwa anapokata roho, lakini katika hadithi ya barua ni nadra mtu kuandika wakati jambo linatokea. Jambo kubwa hutokea katika nafasi tupu kati ya barua mbili, nasi tunaliona kwa namna barua inayofuata ilivyobadilika. Kwa hiyo, alisema, nisimtafute mtu wa kutangaza kifo, bali nimtafute mtu wa kukigundua, na nimpe kitu cha kugundulia.

Kisha akafungua barua ya kwanza, akapiga mstari wa penseli chini ya maneno ya mwisho. Mama, baada ya binti kumaliza kuandika, alikuwa ameichukua kalamu akaandika kwa mkono wake mwenyewe kuhusu mguu ambao mwanawe aliwahi kuuvunja utotoni. "Huu umeuweka hapa," akasema, "halafu ukausahau."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeuweka kama pambo.

Nilirudi nyumbani nikakaa nao usiku kucha. Jambo la kwanza nililofanya ni kuchora jedwali lenye safu tatu: tarehe barua ilipoandikwa, tarehe ilipofika, na kile ambacho mwandishi wake alikijua siku ile. Niliamua kwamba kila barua ichukue siku nane njiani. Mara moja nikaona kosa ambalo nilikuwa nimelipita kwa miezi mitatu: barua ya sita, ya kijana, ilikuwa na tarehe 6 Machi, na barua ya saba iliyoijibu ilikuwa na tarehe 7. Hakuna barua iliyofika kwa siku moja katika hadithi yangu isipokuwa hiyo. Nilipoirudisha barua ya sita hadi tarehe 1 Machi, ilifika tarehe 9. Na kwa kuwa mama alifariki tarehe 4, nikagundua kwamba barua ile ilikuwa njiani wakati wa kifo. Kijana alikuwa ameiandikia mama aliye hai, ikafika kwa mama aliyezikwa. Sikubuni maumivu hayo. Yalikuwamo kwenye tarehe, yakinisubiri nihesabu.

Kisha nikaushughulikia mstari wa mguu. Niliuweka mwishoni mwa barua ya kwanza, ya tatu na ya tano, kila mara chini ya "Wasalaam", kwa tahajia ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na kwa shida, anayeiacha n inapotangulia d au g: "mguu waedeleaje mwanagu". Mara moja msomaji angeuona kuwa kosa la chapa, na mara mbili angeuona kuwa tabia ya mama. Ilipofika mara ya tatu, angeanza kuutazamia.

Ugumu ulikuwa katika barua ya saba. Dada aliweza kuiga maneno ya mama, salamu zake na hata methali zake, kwa kuwa amekuwa akiziandika miaka yote, lakini asingeweza kuighushi ile hati iliyopinda mbele ya mdogo wake. Mstari ule ulipaswa kukosekana, na kitu kilichokosekana hakionekani kwa urahisi kwenye karatasi. Rasimu mbili za usiku ule ziliharibika hapo. Katika ya kwanza niliuondoa tu, na nilipojisomea sikuhisi chochote; ilikuwa kama ukurasa uliokatika. Katika ya pili nilimfanya dada aeleze kwa aya nzima kwa nini mama hakuandika, na mwongo akieleza sana hujianika. Ndipo nilipomuuliza dada yule, kwa namna tunavyowauliza watu tuliowabuni, angesema nini kama angetaka jambo lipite haraka. Akanipa sentensi moja: "Leo Mama hakushika kalamu, mkono una ganzi kidogo." Sababu hiyo inamtosha msomaji kupita, nayo inamwekea alama mahali pa kurudi.

Nikaongeza dalili ya pili. Katika barua ya sita kijana anauliza, katikati ya habari nyingine, ni nani aliyembeba mgongoni siku alipovunjika mguu, maana yeye alikuwa amezimia na dada hakuwapo. Mama peke yake ndiye aliyelijua jibu. Barua ya saba inajibu maswali yake yote isipokuwa hilo.

Sasa zamu ya kugeuza mambo ikawa ya kijana. Barua zake zote zilikuwa zikianza kwa "Mama yangu mpendwa", zikifuatiwa na salamu ndefu za kumtakia afya na kumweleza kwamba yeye ni mzima, hofu ni kwao walio mbali. Alikuwa akijibu ndani ya wiki moja. Barua ya nane niliipa tarehe 20 Aprili, mwezi mzima tangu ya saba ilipomfikia, na nikaiandika hivi:

"Kwako Dada,

Nimeisoma barua yenu mara nyingi. Swali langu halikujibiwa. Usiniandikie tena kwa jina la Mama.

Ilikuwa tarehe ngapi?"

Hapo ndipo hadithi inapogeuka, na inageukia kwenye maneno mawili ya mwanzo. Kabla msomaji hajajua kilichotokea, anaona kwamba mama ameondolewa kwenye anwani. Salamu hazipo kabisa. Neno kifo halimo, wala mstari wa mguu hautajwi, kwa sababu watu hawa wawili hawahitaji kuelezana. Kila mmoja anajua alichokiona mwenzake.

Niliwahi kujaribu kuigeuza hadithi hiyo kuwa ujumbe wa simu, kwa kuwa vijana walioisoma waliniambia kwamba siku hizi hakuna anayesubiri barua. Haikuwezekana bila kuivunja. Siri ya dada iliishi kwa sababu ya siku nane za njiani na kwa sababu hati ya mkono ni ya mtu mmoja tu, ilhali herufi za simu hufanana kwa kila kidole, na kijana angepiga simu usiku uleule. Ujumbe wa simu una dalili zake: saa iliyoandikwa pembeni, alama kwamba umesomwa, neno linaloonyesha kwamba mtu anaandika kisha linatoweka bila kitu kuja. Anayetaka kuutumia ajenge mgeuko wake juu ya hizo.

Barua ya tisa ndiyo niliyoihofia zaidi, kwa sababu kurasa mbili za ungamo zilikuwa zimehamia huko, nami nilizipenda. Zilikuwa na sentensi nzuri. Nilizikata usiku ule moja baada ya nyingine, nikijiuliza kwa kila moja kama kijana aliiomba, na hakuwa ameiomba hata moja. Alikuwa ameuliza tarehe. Kilichobaki ni hiki: "Ilikuwa tarehe 4, alfajiri. Barua yako ilifika tarehe 9. Nilimsomea kaburini."

Siku ya tatu nilirudi kwa Mwalimu. Akasoma kwa sauti kama kawaida yake, na safari hii alipita barua ya saba bila kusimama, akasoma sentensi ya ganzi kama anavyosoma sentensi yoyote. Nilikuwa nimeishikilia meza. Alipofungua barua ya nane alisema, "Kwako Dada," kisha sauti yake ikakatika, akamalizia mistari iliyobaki kwa macho tu. Hakunitazama. Aliirudisha karatasi moja nyuma, akapeleka kidole chini ya "Wasalaam" ya barua ya saba, mahali penye weupe, akakiacha hapo.