Siku ya kumpima dereva wetu

Saa 12:40 asubuhi, Kampala. Dereva amefika na gari liko tayari. Safari ni ya saa 1:00. Kushika wakati huwa napima hapa, kwa saa aliyofika yeye. Saa ya kuondoka haifai, maana mara nyingi wanaochelewesha ni mabosi. Leo mimi mwenyewe ndiye abiria.

Saa 1:30. Tumepita Busega, tunaelekea Mpigi. Anaacha nafasi nyuma ya malori, simu ikilia anaiacha iite, na kwenye mlima hapiti mtu hata bodaboda zikimpigia honi. Lakini tulipokatiza senta moja ya biashara mshale ulikuwa kwenye 65, na mwisho hapo ni 50. Nimeandika.

Saa 4:00, ofisini. Sasa daftari la safari, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwanza naangalia kama kilometa za kumaliza safari moja ndizo zilizoanza safari inayofuata. Pengo lolote ni safari isiyoandikwa. Halafu naangalia tarakimu za mwisho: zote zikiwa sifuri au tano, mtu alikaa akabuni. Lake halina pengo, na tarakimu zimechanganyika kama inavyotakiwa.

Tatizo ni dizeli. Nahesabu kutoka tangi lililojaa hadi lilipojazwa tena, kwa sababu risiti za kujaza nusu nusu hazisemi kitu. Alijaza kwenye 112,430, akajaza tena kwenye 112,910: kilometa 480 kwa lita 58. Hiyo ni kilometa 8.3 kwa lita, na pikapu hii imezoea 10. Kwa kawaida angetumia lita 48. Mhasibu ameshasema "anauza mafuta". Mimi bado. Mwizi wa mafuta kwa kawaida huongeza kilometa ili hesabu ikubali. Huyu ameandika hesabu inayomshtaki mwenyewe.

Saa 8:00 mchana. Tumeendesha kidogo bila kukanyaga breki kwa nguvu. Nasogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa. La nyuma kushoto linachoma. Fundi analipandisha jeki, analizungusha kwa mkono, linagoma. Breki inakamata, injini inalivuta siku nzima.

"Madamu, mbona niliandika," dereva anasema.

Kweli. Kwenye safu ya hitilafu: "breki ya nyuma kushoto, gari zito." Hakuna sahihi ya ofisi ya usafiri pembeni.

Saa 10:00 jioni. Tunakaa na fomu. "Mzee, daftari nakupa alama zote. Wakati pia. Kutunza gari nimekata kidogo: breki ikikamata usiendelee na safari, hata bosi akisema twende. Na kwenye senta punguza mwendo."

Kuhusu mwendo alibisha kidogo, kisha akatia sahihi. Mhasibu nimempelekea hesabu pamoja na ukurasa wa hitilafu. Breki ikitengenezwa tutajaza tangi na kuhesabu upya. Isiporudi karibu na 10, nitauliza tena habari za mafuta.