Ile "ku" ya "anakula": jinsi ninavyowaacha wanafunzi waigundue wenyewe

Nafundisha Kiswahili kwa watu wazima wanaohamia Mwanza kikazi: wauguzi, watafiti wa samaki, masista, mara nyingine fundi wa meli. Karibu wote hukwama mahali pamoja. Wiki ya pili wanasema "Juma anala samaki", na ukiwarekebisha wanahamia upande wa pili: "Juma hakuli samaki", "Juma akikula". Vitabu vingi vina jedwali la jambo hili. Kitenzi chenye silabi moja hubaki na ku katika njeo hizi, huiacha katika njeo zile. Mwanafunzi hulikariri, hufaulu jaribio la Ijumaa, na Jumamosi akienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kununua sato, jedwali linabaki daftarini.

Kwa hiyo somo hili sasa naliendesha kinyume. Sisemi kanuni, wala siandiki kichwa cha somo ubaoni, kwa sababu kichwa kama "Vitenzi vya silabi moja" tayari ni nusu ya jibu. Naanza na sentensi mbilimbili, kitenzi cha kawaida kushoto na "la" kulia:

Juma anapika sato. / Juma anakula sato.
Juma alipika sato. / Juma alikula sato.
Juma atapika sato. / Juma atakula sato.
Juma amepika sato. / Juma amekula sato.

Swali langu ni moja tu: upande wa kulia kuna nini ambacho kushoto hakipo? Kila mtu anaandika jibu lake kimyakimya kabla ya yeyote kufungua mdomo. Hili nalisimamia kwa ukali, maana kila darasa lina mmoja aliyekwisha kusoma kitabu, na akiitaja kanuni dakika ya kwanza wenzake huacha kutazama mifano. Huyo simnyamazishi. Namwambia, "Sawa bwana, basi nitabirie sentensi ijayo," na mara nyingi utabiri wake huanguka, naye anarudi kutazama pamoja na wengine.

Jibu la kwanza huja haraka: "la" lazima itanguliwe na ku. Sibishi. Naongeza mifano:

Juma hapiki dagaa. / Juma hali dagaa.
Juma akipika, tunakaa karibu. / Juma akila, hazungumzi.
Mwambie Juma apike. / Mwambie Juma ale.

Hapo dhana ya kwanza imekufa. Wanajadiliana wawiliwawili, na dhana ya pili karibu kila mara ni kwamba ukanushi ndio unaofukuza ku. Inavutia, lakini tayari "akila" na "ale" zinaipinga, na wachache huliona hilo. Kwa waliobaki naandika "Juma hatakula dagaa". Ni ukanushi, na ku imo. Kisha huja dhana ya tatu, iliyo nzuri zaidi: ku hukaa baada ya na, li, ta na me. Vitabu vingi huishia karibu na hapo, na mwalimu mwenye haraka angepiga makofi na kufunga somo. Mimi nina jozi moja zaidi mfukoni:

Juma amekula sangara.
Juma amemla sangara.

Me ipo katika sentensi zote mbili, ila ku ipo katika moja tu. Darasa hunyamaza. Muuguzi mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hii ni kosa la chapa." Nikamwambia aende akamsikilize mama lishe yeyote pale Mwaloni.

Baada ya hapo natumia masikio badala ya macho. Nawaomba wafumbe madaftari, nasoma sentensi zote upya kwa mwendo wa kawaida, na wao wanagonga meza kwenye silabi inayosikika kwa nguvu. AnaKUla. AliKUla. HataKUla. AKIla, mkazo ukiwa kwenye ki. HAli. Ale, mkazo ukiwa kwenye a ya mwanzo. AmeMla, mkazo ukiwa kwenye ile m, ambayo katika Kiswahili ni silabi kamili. Kwamba mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wanalijua tangu siku za kwanza. Hawajawahi tu kuliunganisha na sarufi. Nauliza, "Tukiiondoa ku katika anakula, mkazo utaangukia wapi?" Wanasema: kwenye na. "Na katika akila?" Kwenye ki. Kutoka hapo huwa ni suala la dakika chache kabla mtu hajasema kwa maneno yake: na, li, ta na me haziwezi kubeba mkazo, kwa hiyo ku inaitwa kuja kuubeba; ki, kiambishi cha mtenda na kiambishi cha mtendwa vinaweza, kwa hiyo ku haihitajiki.

Hiyo ndiyo kanuni, na sasa tu ndipo naiandika ubaoni, nikiipanga vizuri lugha ya aliyeitaja. Wakiuliza kwa nini ki inabeba mkazo ilhali "na" haibebi, nawajibu wazi kwamba ndivyo viambishi hivyo vilivyo. Hilo si jambo la kugunduliwa kutokana na mifano, na kuwaacha walitafute ni kuwapotezea muda.

Kupima kama wameelewa au wamekariri, nawapa kitenzi ambacho hawajawahi kukisikia. Natumia "kupwa", yaani maji ya bahari kurudi nyuma baada ya kujaa, kwa kuwa Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, na mtu anayeishi Mwanza hana sababu ya kukutana na neno hilo. Naandika "bahari ime...", "bahari iki...", "bahari hai...". Anayejaza imekupwa, ikipwa na haipwi amelishika. Anayeandika ikikupwa bado anafuata orodha ya njeo, na huyo namrudisha kwenye kugonga meza, si kwenye jedwali.

Kazi kubwa ya somo hili iko katika kuchagua mifano, na zaidi katika kuchagua ya kuficha. "Hakula" haionekani kabisa siku hiyo. Ku yake ni ya ukanushi wa wakati uliopita, ileile ya "hakupika", lakini mwanafunzi ataihesabu pamoja na nyingine na dhana zote zitavurugika. Naileta somo linalofuata, ikiwa kando ya "hakupika", na wanaitambua wenyewe. "Enda" na "isha" nazo naziacha, kwa kuwa mtaani wanasikia ameenda na amekwenda, ameisha na amekwisha, na mfano unaoyumba hauwezi kufundisha mwelekeo. Vivyo hivyo "hajala", ambayo wengi huitamka "hajakula". Hiyo nawatajia mwishoni kama habari tu.

Njia hii inameza kipindi kizima kwa jambo ambalo jedwali lingelisema kwa dakika tano, kwa hiyo siitumii kila mahali. "Njoo" kwa mfano naitoa kama ilivyo: ndiyo amri ya kuja, haina mwenzake, kariri. Lakini kwa ku naona tofauti katika namna wanavyojirekebisha. Mtafiti mmoja, tukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, alianza kuniambia kuhusu sangara, "Akiku...", akasita, kidole chake kikagonga ukingo mara moja, akaendelea: "Akila dagaa wengi, hukua haraka."