Faida ilivunja rekodi, bei ya hisa ikashuka: nilivyofuatilia sababu yake

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, na ndiye mweka hazina wa chama chetu cha wanawake kumi na mmoja. Mwanzoni mwa Machi tulinunua hisa 1,000 za kampuni moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa shilingi 26.80 kila moja. Matokeo ya mwaka yalipotangazwa baadaye mwezi huohuo, bei ilikuwa imefika shilingi 28, na taarifa yenyewe ilisema kwamba faida ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia: shilingi 3.40 kwa kila hisa, ilhali mwaka uliopita ilikuwa shilingi 2.50. Niliwapigia wenzangu simu kuwapa habari njema. Kufikia jioni ya siku hiyo bei ilikuwa shilingi 25.50, siku iliyofuata ikawa 24.10, na wiki mbili baadaye ilikuwa imetua karibu na shilingi 21.50.

Kwa kuwa fedha zile hazikuwa zangu peke yangu, nilikuwa na wajibu wa kueleza kilichotokea. Wenzangu wawili walishuku kwamba hesabu za kampuni zilipikwa, nami sikuwa na jibu la kuwapa.

Aliyenifungua macho kwanza ni mjomba wangu wa Kakamega, ambaye amenunua na kuuza ng'ombe maisha yake yote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ukienda Lubao, muuzaji akakuapia kwamba ng'ombe huyu hutoa lita kumi na tano kwa siku, utalipa bei ya lita ngapi?" Nikamjibu kwamba nitalipa bei ya lita kumi na tano. "Basi umfikishe nyumbani, atoe kumi na mbili. Labda bomani mwako hajawahi kuwapo ng'ombe wa lita kumi na mbili, na majirani watakuja kumtazama. Lakini ukimrudisha sokoni, nani atakulipa bei ya kumi na tano?"

Swali hilo lilinifanya nitafute lita kumi na tano za kampuni yetu zilitoka wapi. Nilitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa taarifa tatu ambazo kampuni ilikuwa imezichapisha magazetini: ya mwaka uliopita, ya nusu mwaka iliyotoka Agosti, na hii mpya ya Machi. Ile ya Agosti ilionyesha faida ya shilingi 1.60 kwa kila hisa katika miezi sita ya kwanza, ilhali miezi sita kama hiyo mwaka uliotangulia ilileta shilingi 1.00 tu. Hilo ni ongezeko la asilimia 60. Ukichukua faida ya mwaka uliopita, shilingi 2.50, ukaiongeza kwa asilimia hiyohiyo 60, unapata shilingi 4.00 kamili, na nilipompigia dalali wetu wa hisa alithibitisha kwamba hiyo ndiyo tarakimu ambayo wateja wake wengi walikuwa wakiitaja tangu Januari.

Hapo ndipo bei ilipoanza kunielea. Kabla ya msisimko huo hisa iliuzwa kwa takriban shilingi 17.50, yaani mara saba ya faida ya shilingi 2.50. Wanunuzi walipojiaminisha kwamba faida itakuwa shilingi 4.00, waliendelea kukubali kulipa mara saba yake, na mara saba ya nne ni 28. Kwa hiyo bei tuliyoiona asubuhi ya tangazo haikuwa ikingoja habari njema, kwani habari njema ilikwisha kulipiwa, tena kwa kipimo kikubwa kuliko kile kilichofika. Faida ilipotoka 3.40, mara saba yake ikawa shilingi 23.80, na bei ya siku ya pili haikuwa mbali na hapo. Nilikumbuka nilichokiona kwenye simu siku ile ya kwanza: mara tu baada ya tangazo, waliokuwa wameagiza kununua kwa shilingi 28 waliondoa maagizo yao, huku upande wa wauzaji ukizidi kurefuka. Hapakuwa na njama yoyote. Wanunuzi tu hawakuwa tayari tena kulipa bei ya jana.

Hata hivyo, hilo halikueleza kwa nini bei iliendelea kushuka hadi 21.50. Nilirudi kwenye taarifa, safari hii nikisoma maelezo ya maandishi madogo chini ya jedwali, na nikakuta kwamba kampuni iliuza kiwanja katika nusu ya pili ya mwaka. Faida ya mauzo hayo, ukiigawa kwa idadi ya hisa, ilikuwa senti 40 kwa kila hisa. Kiwanja kikishauzwa hakiuzwi tena mwakani, kwa hiyo faida itokanayo na biashara yenyewe ilikuwa shilingi 3.00, na mara saba yake ni 21.

Kisha nilifanya hesabu ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote, na ambayo taarifa haikuniwekea wazi kwa sababu haina safu ya nusu ya pili. Ni lazima uipate mwenyewe kwa kutoa. Biashara ilileta shilingi 3.00 kwa mwaka mzima, na 1.60 kati ya hizo zilikuja katika nusu ya kwanza, kwa hiyo nusu ya pili ilileta 1.40. Nusu ya pili ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeleta 1.50. Kumbe ndani ya mwaka huo wa rekodi, miezi sita ya mwisho ilikuwa dhaifu kuliko ya mwaka uliotangulia! Anayenunua hisa leo hanunui miezi iliyopita bali ijayo, na walioigundua hiyo 1.40 mapema ndio waliouza wiki ile.

Katika mkutano wa chama niliwasomea wenzangu hesabu hizi moja baada ya nyingine. Hatukuuza. Bei ya 21.50 ilikuwa imekaribia thamani ya biashara yenyewe, na tulikuwa bado kwenye daftari la wanahisa kwa ajili ya gawio. Niliwatahadharisha pia kwamba daftari hilo likishafungwa bei hupungua tena, kwa kuwa anayenunua baada ya hapo hapati gawio hilo, na ikapungua kweli.

Kufikia Julai hisa ilikuwa shilingi 19.80. Niliirudia hesabu: ikiwa kila nusu mwaka ingeleta 1.40 tu, mwaka ungeleta 2.80, na mara saba yake ni 19.60, maana yake ni kwamba udhaifu ule tayari ulikuwa ndani ya bei. Kwa makubaliano ya wote tuliongeza hisa 500. Agosti kampuni ilitangaza faida ya shilingi 1.52 kwa nusu mwaka, ambayo ni ndogo kuliko 1.60 ya mwaka uliotangulia, na gazeti liliandika kwamba faida imeshuka. Siku hiyo bei ilipanda hadi shilingi 21.30, na safari hii wenzangu ndio walionipigia simu kunieleza sababu.