Deni la Machungwa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ijumaa hii nawaletea kisa cha dada wawili wa Ngamiani, Tanga, waliokutana msibani kwa baba yao baada ya miaka saba ya kutosemezana.

Mdogo alikopa kwa dada yake shilingi 600,000, akanunua machungwa Muheza yakiwa bado mtini ili ayauze Dar es Salaam. Lori likaharibika njiani, mzigo ukaoza. Hawakuwa wameandikiana. Dada akaanza kudai mwezi uleule, tena arusini, mbele za watu. Hapo alikosea, kwani Surat al-Baqara, aya ya 280, inaamuru mdaiwa mwenye dhiki angojwe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni kheri zaidi. Lakini baadaye mdogo alisimama tena, akafungua genge, akajenga na chumba cha kupangisha, asilipe hata senti. Sasa kosa likawa lake. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhuluma. Majirani waliobishana nani mwenye haki walisahau kuuliza: haki ya lini?

Basi mzee akafariki. Ndani, wanawake wamejaa mikekani, hawa wawili kila mmoja na pembe yake. Makaburini ami yao akatangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu aje kwa warithi wake. Jioni akaja mwenye duka na daftari lake. Sembe na sukari, 45,000. Deni la maiti hulipwa kwanza, mirathi baadaye, kwa hiyo ami akawaita mabinti wote wawili chumbani.

Mdogo akatangulia kutoa salamu. Muislamu hahalalishiwi kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza salamu. Dada akaitikia huku macho yako chini. Wakafungua kibweta cha baba, wakahesabu, mwenye duka akalipwa chake.

"Dada," mdogo akasema, "baba tumemlipia siku ileile. Langu mimi lina miaka saba. Nilikuwa nacho, nikaona haya kukuletea."

"Na mimi nilikufedhehesha. Hilo unisamehe."

"Nimekusamehe. Na hela?"

Dada alikaa kimya kwa muda. Ana watoto wawili sekondari, na mimi simlaumu kwa jibu lake, maana kusamehe deni ni fadhila, si faradhi.

"Laki tatu nimekusamehe kwa ajili ya Allah. Laki tatu nilipe."

"Elfu hamsini kila mwezi, miezi sita. Utaridhika?"

"Nitaridhika. Ila safari hii tuandike."

Ami akachana karatasi kwenye daftari, akaandika kiasi, tarehe na majina yao, kama aya ya 282 inavyotuagiza. Yeye akawa shahidi wa kwanza, mwenye duka akaitwa tena kutoka barazani awe wa pili.