Kitenzi kilichoninyima alama: nilivyojifunza kulisoma swali la insha kabla ya kupanga jibu

Ushauri wa "swali lolote la insha, wewe mwaga hoja sita" ulinipotezea mwaka mzima, na hadi leo nikiusikia unaniudhi. Walionipa walinitakia mema. Ilikuwa tuisheni ya jioni hapa Arusha, nikilipa kama elfu ishirini kwa mwezi, na niliufuata kwa uaminifu wote: utangulizi, hoja sita zilizopigiwa mstari, hitimisho. Hakuna aliyeniambia kwamba neno moja ndani ya swali linaweza kuigeuza insha nzima.

Nilikuwa mtahiniwa wa kujitegemea, narudia Historia ya kidato cha sita, na mchana nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngarenaro. Karatasi ya Historia huja kwa Kiingereza, lakini maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili, maana ndivyo tulivyoyachambua na ndivyo yalivyoniingia kichwani.

Kwenye mtihani wa majaribio lilikuja swali nililokuwa nikiliombea: "Tathmini mafanikio ya Azimio la Arusha katika kuifanya Tanzania Bara ijitegemee, 1967 hadi 1985." Mimi mtu wa Arusha! Makumbusho ya Azimio yako Kaloleni, nimeingia mara nyingi tangu nikiwa shule ya msingi. Niliandika kurasa saba bila kuinua kichwa. Hoja ya kwanza, benki zilitaifishwa Februari 1967. Ya pili, Elimu ya Kujitegemea. Ya tatu, vijiji vya ujamaa. Ya nne, miiko ya uongozi. Ya tano, elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Ya sita, umoja wa kitaifa. Kila hoja ilikuwa na tarehe yake na mfano wake. Nilitoka chumbani nikiwa na hakika ya alama kumi na saba.

Nilipata 7 kati ya 20. Pembeni msahihishaji alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umesimulia. Lilifanikiwa kiasi gani?" Niliisoma sentensi ile nimesimama kituoni nikisubiri daladala, na sikuielewa. Kwani si nimetaja mafanikio? Nilipouliza tuisheni nikaambiwa niongeze hoja ziwe nane.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mstaafu wa Historia anayeishi Kaloleni, rafiki wa bibi yangu. Jumapili moja nilimpelekea karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee swali, ila kitenzi usikitaje."

Nikasoma: "Mafanikio ya Azimio la Arusha katika kuifanya Tanzania Bara ijitegemee, 1967 hadi 1985."

"Haya. Hapo umeambiwa ufanye nini?"

Nikanyamaza. Akasema, "Umeona? Hujaambiwa kitu. Na insha yako ndiyo imejibu hilo ulilosoma sasa hivi."

Akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akachana ukurasa, akaugeuza nyuma penye weupe na kuchora mistari miwili kutoka juu hadi chini. Sehemu ya kwanza aliandika amri, ya pili mada, ya tatu mipaka. Amri ni "tathmini". Mada ni mafanikio ya Azimio, lakini si mafanikio yote, ni yale ya kujitegemea tu. Mipaka ni Tanzania Bara, 1967 hadi 1985. Hapo tu hoja yangu ya sita ilidondoka. Umoja wa kitaifa ni jambo kubwa, ila swali halikuuliza umoja. Elimu ya msingi nayo ikayumba: kupeleka watoto wote shule ni mafanikio, lakini ili iingie ilinibidi nioneshe imeifikishaje nchi kwenye kujitegemea. Nilikuwa nimeandika tarehe tu.

Kisha akanifanyisha zoezi ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa ndilo lililoniokoa. Alinitaka nipange jibu la mada ileile mara nne, kila mara kwa kitenzi kingine, mistari mitano tu kila mpango. Kama mipango miwili inafanana, alisema, basi kitenzi kimoja sijakisoma.

Wa "eleza" ulikuwa rahisi: nini kilifanyika na kwa namna gani. Insha yangu ya kurasa saba ilifaa hapo, na Mwalimu alikiri kwamba ni nzuri, ila imeletwa mlango usio wake.

"Changanua" ulinichukua karibu saa nzima. Nilianza tena kuorodhesha, akanizuia. Kuchanganua ni kukifungua kitu uone vipande vyake na jinsi kipande kimoja kinavyosukuma kingine, kama fundi anavyofungua injini. Basi nikachukua vijiji peke yake. Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishiwa vijijini kwa wingi, tena mara nyingi kwa nguvu. Sehemu nyingi nyumba zikawa mbali na mashamba ya zamani, na wengine walihamishwa msimu wa kilimo ukiwa umefika. Ukame wa 1973 na 1974 ukakuta kilimo kimeyumba hivyo. Mavuno yakashuka, serikali ikanunua nafaka nje kwa fedha za kigeni, na fedha hizo ndizo zilizohitajika kununua mafuta ambayo bei yake ilikuwa imepanda tangu mwishoni mwa 1973. Ukitazama, hakuna hukumu mahali popote. Sijasema Azimio lilifaulu wala lilishindwa. Nimeonesha mnyororo.

"Jadili" alikataa kunipa mpaka abadilishe swali, kwa sababu huwezi kujadili kitu kisicho na ubishi. Akaandika: "Azimio la Arusha lilikwamishwa zaidi na mambo ya nje kuliko makosa ya ndani. Jadili." Hapo pana kauli na pana anayeweza kuipinga. Upande mmoja kuna bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Upande wa pili kuna kuhamisha watu kwa nguvu, mashirika ya umma yaliyoendeshwa kwa hasara, na kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Hili la mwisho nililijua kutoka nyumbani: babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa kahawa Kibosho, na chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilikuwepo tangu 1933. Lakini Mwalimu alinionya nisipange upande mmoja wote kwanza halafu wa pili wote, maana nitatoa orodha mbili zisizosalimiana. Kila aya ikutanishe hoja na mpinzani wake. Kwa mfano, ukame ulikuwa wa mbinguni, sawa, lakini je, njaa ingefika pale kama watu wasingekuwa wanahamishwa wakati uleule? Kisha useme umesimama wapi.

Tukarudi kwenye "tathmini", kitenzi kilichonitia alama saba. "Kupima kunataka nini?" aliuliza. Mimi nauza misumari kwa kilo, nikajibu mizani. "Basi mizani yako iko aya ya ngapi?" Haikuwepo. Nilikuwa nimesema vitu ni vizuri bila kusema nimevipima kwa nini. Alitaka kigezo kikae kwenye utangulizi, na kitoke kwenye mada yenyewe, nisikibuni. Azimio lina kipimo chake: lilikataa fedha kuwa msingi wa maendeleo, likaonya kwamba kutegemea misaada ya nje kunahatarisha uhuru. Kwa hiyo nikaandika vigezo vitatu kwa njia ya maswali. Je, nchi ilimiliki njia kuu za uchumi wake? Je, ilijilisha? Je, ilipunguza kutegemea fedha za nje?

Ajabu ni jinsi ukweli uleule ulivyojipanga upya. Benki zilizotaifishwa zikaenda chini ya kigezo cha kwanza, na hapo Azimio likafaulu wazi. Vijiji vikahamia chini ya chakula, vikageuka kuwa udhaifu badala ya fanikio. Kigezo cha tatu kilikuwa kibaya zaidi, kwa kuwa misaada iliongezeka miaka ya sabini, na ugumu wa kiuchumi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1986, mara tu baada ya kipindi cha swali, serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mkopo wenye masharti. Vita vya Kagera na bei ya mafuta navyo vikapata kazi ya kusaidia kupima: sehemu gani ya kushindwa ni ya Azimio lenyewe, na sehemu gani ingeipata nchi yoyote. Hukumu yangu ikawa mstari mmoja: lilifanikiwa kwa kiasi kikubwa kuhamisha umiliki, kwa kiasi kidogo kuleta kujitegemea. Hoja tatu tu, kurasa nne. Mwalimu akasahihisha, akanipa 15.

Kuna mtego mmoja ambao ulinisumbua baadaye, na watu wengi hawausemi. Watunga maswali hawatumii vitenzi kwa usahihi wa kamusi. Ukikuta "Jadili sababu sita zilizofanya Azimio litangazwe", usianze kutafuta wapinzani. Hakuna kauli ya kubishaniwa, na idadi imetajwa, kwa hiyo hapo "jadili" ni fafanua kwa kina, na hoja sita zako zina mahali pake. Kinachoonesha ni hicho: kauli ipo au haipo, idadi ipo au haipo. Na "thibitisha kauli hii" haikupi ruhusa ya kupinga, umeshapangiwa upande. Kinyume chake, swali linaweza kukosa kitenzi cha amri kabisa. "Kwa kiasi gani" ni tathmini iliyovaa nguo nyingine, na jibu lake lazima liwe na kiasi: kwa sehemu kubwa, kwa sehemu ndogo, zaidi hapa kuliko pale. Ukijibu "ndiyo" tupu umejibu swali jingine.

Nilifanya zoezi la vitenzi vinne kila Jumapili kwa miezi kama mitatu, nyuma ya kurasa za kalenda mpaka kalenda ikaisha. Mwanzo kulichambua swali moja kulinila dakika ishirini, mwishoni ilikuwa dakika tatu au nne. Ndani ya chumba cha mtihani, swali la pili nililochagua lilikuwa la "kwa kiasi gani". Jirani yangu alikuwa ameshaanza ukurasa wa pili wakati mimi bado naandika kwa penseli: amri, mada, mipaka, na chini yake vigezo vyangu vitatu. Moyo ulinidunda, nusura nianze kumwaga hoja kama zamani. Nikamalizia kigezo cha tatu kwanza, ndipo nikachukua kalamu ya wino.

Historia nilipata B. Matokeo yalipotoka nilipitia Soko Kuu nikamnunulia Mwalimu ndizi na kilo mbili za sukari, na kwa wenye maduka jirani nikaomba kalenda tatu za mwaka uliopita, maana kuna binti wa mtaani kwetu anaanza kwenda kwake Jumapili hii.