Nilivyoacha kukremu fomula baada ya kuumbuliwa na a = 6t

Sekondari mi nlikuwa mtu wa kukremu na sioni aibu kusema, maana ilinilipa. Fizikia nlikuwa na kidaftari cha fomula tu, naamka alfajiri nakipitia kama dua, halafu napiga pasti pepa za miaka ya nyuma mpaka nikiona swali najua hili ni lile lile wamebadilisha namba. Unatafuta u, unatafuta a, unatafuta t, unazitumbukiza kwenye fomula, jibu unalipigia mistari miwili, umemaliza. Kwa mitihani ile ilitosha kabisa.

Sasa chuo, mwaka wa kwanza, kozi ya mekanika, tesiti ya kwanza kabisa. Swali fupi tu: kitu kimeanza kikiwa kimesimama, mchapuko wake ni a = 6t, tafuta kasi yake na umbali kilioenda baada ya sekunde 2. Nikacheka kimoyomoyo, nikasema hawa wanatupa vya kidato. t ni 2 kwa hiyo a ni 12, haya:

```
v = u + at = 0 + 12×2 = 24
s = ut + ½at² = 0 + ½×12×4 = 24
```

Mistari miwili, swali linalofuata. Karatasi ziliporudi lile swali nina sifuri, na tesiti nzima 11 kati ya 40. Kilichoniuma zaidi ni kwamba fomula nilikuwa nimeiandika sawa na hesabu za kuzidisha ziko sawa, sasa sifuri ya nini? Nikaenda kwa tyuta nikiwa nimejaa, nimejiandaa kabisa kugombana.

Hakubishana na mimi. Akaweka kidole kwenye ile 12 akaniuliza, "Huu ni mchapuko wa saa ngapi?"

Nikamwambia wa sekunde ya pili, mwalimu.

"Na pale kinapoanza ulikuwa ngapi?"

Nikapiga, 6 mara sifuri, sifuri.

"Sasa mbona wewe umekipa 12 tangu kinaanza?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Yaani miaka yote nimeandika v = u + at labda mara elfu moja na sijawahi kujua kuwa ile a ndani yake ni mchapuko usiobadilika. Na ukiangalia inakotoka inaonekana wazi: kama kila sekunde kasi inaongezeka kiasi kile kile a, basi baada ya sekunde t imeongezeka a mara t, ongeza kasi uliyoanza nayo. Ni hivo tu. Hilo neno "kile kile" likitoka, fomula nayo haipo. Sekondari maswali yote yalikuwa na mchapuko usiobadilika kwa hiyo sharti halikuwahi kuning'ata, na kidaftari changu kilikuwa na fomula bila sharti hata moja.

Kwa a = 6t inabidi ujumlishe vipande vidogo vidogo, yaani intigresheni, unapata v = 3t², kwa sekunde 2 ni 12 sio 24. Ukijumlisha tena unapata s = t³, yaani mita 8.

Hapa sasa ndo pa kuchekesha, maana tabia haifi siku moja. Nilipoona jibu la kasi ni 12 nikashtuka, kumbe mchapuko umetoka 0 ukafika 12, wastani wake ni 6, na 6 mara 2 ni 12! Nikafurahi nimepata shotikati, nikaiandika kwenye kidaftari: "a ikibadilika tumia wastani". Unaona? Nimetoka kukremu fomula nimeenda kukremu dawa ya fomula. Jioni nikamwonesha mwenzangu wa chumbani, akaniambia haya kaka fanya na umbali. Nikafanya, ½×6×4, nikapata mita 12. Jibu sahihi ni 8.

Tulikaa na hiyo tofauti ya mita 4 karibu saa nzima, na nadhani hilo lisaa lilinifundisha kuliko lekcha zote za muhula ule. Tulichora grafu mbili za kasi. Zote zinaanza sifuri na zote zinaishia 12, ila moja imenyooka na nyingine inaanza kivivu halafu inapanda ghafla mwishoni. Kwa 3t² sekunde ya kwanza unaenda mita 1 tu, ya pili unaenda 7. Kwa mchapuko wa 6 usiobadilika ya kwanza ni mita 3, ya pili 9. Kasi ya mwisho ni moja lakini huyu wa 3t² kaipata kwa kuchelewa, kwa hiyo kasafiri kidogo. Wastani unajua jumla ya kasi iliyoongezeka, haujui imeongezeka lini, na umbali unajali lini.

Kuanzia hapo nikabadilisha namna ya kusoma, sio kwa mpango mkubwa. Kile kidaftari nikaanza upya, fomula moja ukurasa mmoja: inatoka wapi kwa maneno yangu mwenyewe kitabu kikiwa kimefungwa, na chini naandika inakufa lini. Kama siwezi kuandika inakufa lini, ina maana sijaielewa hata kama naiimba usingizini. Halafu nikimaliza swali silikimbii, nabadilisha kitu kimoja, sio namba, kitu chenyewe (kama msuguano ungekuwepo? kama kingeanza na kasi tayari?) na kabla ya kupiga hesabu naandika pembeni jibu litapanda au litashuka. Nikikosea ubashiri naacha hesabu kwanza natafuta nimekosea wapi kichwani. Inakula muda jamani, maswali 20 niliyokuwa namaliza kwa usiku mmoja yakawa 4 au 5, na wiki za mwanzo nilihisi naachwa. Na kukremu sijaacha kote, majedwali ya intigresheni nimeyakariri na sijuti, huwezi kuanza kuyatafuta kila mara.

Mtihani wa mwisho likaja hili: kitu kina kasi ya 10 m/s, kinapunguzwa kasi kwa a = −2v, kitaenda umbali gani mpaka kisimame. Mkono ulitaka kuandika a = −20 na kuendelea, nikauzuia. Huu ni mchapuko wa saa ngapi? Wa mwanzo tu, kasi ikipungua na breki yenyewe inalegea. Kwa −20 tupu kingesimama kwenye mita 2.5, kwa hiyo jibu lazima lizidi hapo, nikaandika pembeni "zaidi ya 2.5". Halafu nikaona mchapuko unategemea kasi na mimi naulizwa umbali, kwa nini nipitie kwenye muda?

```
v dv/ds = −2v
dv/ds = −2
v = 10 − 2s
```

Kasi inakuwa sifuri s ikiwa 5. Kipengele cha pili kiliuliza itachukua sekunde ngapi, hapo nikahangaika kweli, kila nikipiga inakataa, mpaka nikakubali kwamba kwa hesabu hii haisimami kabisa, inaikaribia mita 5 tu bila kufika. Zamani ningedhani nimekosea ningefuta yote. Nikaandika hivo hivo na sababu yake mistari miwili, nikafungua ukurasa unaofuata.