Masharti ya mwisho wa tangazo la redio: yalivyokubali kueleweka

Kwa wanaorekodi matangazo hapa Kigoma. Tulikuwa na tangazo la sekunde 30 la duka la magodoro, ofa ya usafiri wa bure, mwisho sekunde 6 za masharti: “Ofa ni kwa wateja watakaonunua bidhaa zenye thamani ya shilingi laki tatu na kuendelea, usafiri wa bure ni kwa maeneo ya Ujiji, Mwanga na Gungu tu, vigezo na masharti kuzingatiwa.” Likaruka hewani, watu wa Kasulu wakaanza kupiga simu wanataka kuletewa bure.

Tukaongeza sauti, wapi. Tukapunguza spidi kwenye kompyuta, tangazo likapita sekunde 30.

Kilichosaidia ni kuandika upya. Kwanza nikahamisha kiwango cha pesa juu, pale pale ofa inapotajwa: “Nunua kuanzia laki tatu, tunakuletea bure.” Chini yakabaki mawili: “Bure ni Ujiji, Mwanga na Gungu. Kwingine unalipia nauli ya mzigo. Vigezo na masharti kuzingatiwa.”

Hiyo “kwingine unalipia” ndo mchawi mwenyewe, maana “tu” ni silabi moja, ukisoma haraka inamezwa na kizuizi chote kinaondoka nayo, ila sentensi nzima yenye kitenzi chake haimezeki hata kama msomaji anakimbia kama bodaboda. Na msikate pumzi zote mkiedit, acheni ile ya kabla ya “kwingine”.

Nikamchezea dada wa mgahawani kwa spika ya simu, mara moja, nikamuuliza mtu wa Kasulu analipa? Akajibu, “Si analipia nauli.” Tukapeleka redioni.